Kabla Hujanunua Dhahabu, Andika Bei Utakayoiuza

Siku utakayokwenda kununua dhahabu, kabla hujafungua pochi, muulize sonara swali moja: "Bangili hii nikikurudishia kesho asubuhi, utanipa shilingi ngapi?" Usicheke wala usimrahisishie. Uliza, kisha nyamaza umtazame. Mmoja atakwambia dhahabu haina hasara. Huyo hajakujibu, muulize tena. Mwingine atashika kikotoo, atabonyeza, halafu atakutajia bei ya gramu iliyo chini sana ya ile aliyokutajia dakika tano zilizopita. Hiyo ya pili ndiyo bei yako wewe. Ile ya kwanza ni yake.

Mimi sikuliuliza swali hilo Septemba 2011. Mwezi ule wakia moja ya dhahabu ilifika karibu dola 1,920 kwenye soko la dunia, na kila niliyekutana naye alikuwa na habari ya mtu aliyetajirika kwa dhahabu. Nikanunua gramu 30 za karati 22, bangili moja nene ya kifahari, kwa karibu shilingi laki moja kila gramu. Nikaiweka kabatini nikiamini nimeweka akiba. Ungeniuliza naiweka hadi lini, au naiuza ikifika bei gani, ningekujibu kwa tabasamu: "Ikipanda."

Haikupanda. Aprili 2013 dhahabu ilianguka kwa siku mbili mfululizo za biashara, Ijumaa tarehe 12 na Jumatatu tarehe 15, anguko ambalo soko lile lilikuwa halijaliona kwa miaka kama 30. Nikasema itarudi. Mwaka 2014 nikasema tena itarudi. Desemba 2015 wakia ilikuwa imeshuka hadi kama dola 1,050, na siku moja, bila shida yoyote ya fedha na bila mgonjwa nyumbani, nikaamka nimechoka kuisikiliza bei. Nikaibeba bangili. Sonara aliichunguza, akaipima, akakata uzito wa sehemu zilizoungwa, akanipa kama shilingi 63,000 kwa gramu. Niliondoka na laki kumi na tisa hivi kwa kitu nilichokinunua karibu milioni tatu.

Nilinunua kwa msisimko wa watu, nikauza kwa uchovu wangu mwenyewe. Katika siku zile mbili hakuna hata moja niliyotumia akili, na baina yake kulikuwa na miaka minne ya kuitumia. Kwa hiyo leo sikwambii uwe jasiri sokoni. Nakwambia kaa chini usiku mmoja kabla ya kununua, ukiwa umekula na hakuna anayekuharakisha, uandike kwenye kadi bei ya kutoka. Kazi hiyo huchukua saa moja. Nitakuonyesha kwa kadi ya mdogo wangu, maana yeye alijifunza kwenye hasara yangu.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Februari 2024 alikuwa na akiba ya shilingi milioni tatu na laki nne hivi, na alitaka baada ya muda aiondoe mashine yake kwenye baraza la watu, akodi fremu na kuongeza mashine ya ovaloki. Alinipigia simu akisema, "Dada, nataka kuziweka kwenye dhahabu." Nikamwambia vizuri, ila hatununui kitu mpaka tujue tunakiuzaje.

Tukaanza na hesabu ambayo kila anayenunua dhahabu anapaswa kuijua kwa kichwa. Bei unayoiona kwenye simu kwa alama ya XAU/USD ni dola kwa wakia moja, na wakia hiyo ina gramu 31.1. Karati 22 ina sehemu 916 za dhahabu katika kila 1,000, zilizobaki ni madini mengine ya kuipa ugumu. Basi thamani ya gramu moja kwa shilingi hupatikana hivi:

```
bei ya wakia ÷ 31.1 × 0.916 × shilingi kwa dola
```

Mwezi ule wakia ilikuwa karibu dola 2,030 na dola moja ilikuwa kama shilingi 2,550. Ukipiga hesabu unapata takriban shilingi 152,500 kwa gramu. Hiyo ni dhahabu tupu iliyomo ndani ya bangili, kabla fundi hajadai jasho lake. Dukani tuliuziwa 168,000 kwa gramu, yaani ufundi na faida ya duka vilikula kama asilimia 10 juu. Na lile swali la kesho asubuhi lilipoulizwa, sonara alijibu kwamba ananunua kwa asilimia 5 chini ya thamani ya dhahabu yenyewe, kama shilingi 145,000.

Tazama pengo hilo taratibu. Gramu 20 zilimgharimu 3,360,000. Angezirudisha kesho yake angepewa 2,900,000. Laki nne na sitini zilikuwa zimekwenda kabla hajafika kituo cha daladala. Ili apate tu kurudisha fedha zake, bila faida hata ya shilingi, dhahabu yenyewe ilipaswa kupanda asilimia 16. Na alipoandika kwamba anataka faida ya asilimia 20 mfukoni, hesabu ikatwambia dhahabu ipande karibu asilimia 40.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Mtu anasikia redioni dhahabu imepanda asilimia 15, anajiona tajiri, anatembea kwa madaha, kumbe kwa bangili aliyoivaa bado yuko kwenye hasara. Kesho bei inashuka kidogo, anaona "faida" inamponyoka, anakimbilia kuuza. Ameuza kwa hasara huku akidhani anaokoa faida. Ukiweka bei lengwa kwa kutazama bei ya simu au ile iliyobandikwa kwenye kioo cha duka, umeiweka mahali ambapo huwezi kuifikia kwa mkono. Bei yako lengwa iandikwe kwa shilingi, kwa gramu, na iwe ile bei sonara anayokulipa wewe unapouza.

Kama hutaki kuvaa, kuna vipande vya karati 24 vilivyopigwa muhuri wa uzito na usafi. Ufundi wake ni mdogo. Ukipata cha kununua kwa asilimia 3 juu na mtu wa kukirudisha kwake kwa asilimia 2 chini, dhahabu ikipanda asilimia 5 tu umeshafidia gharama. Kwa akiba, kipande kinashinda bangili kwa mbali, na mtu akikubishia mwonyeshe namba hizo. Lakini kwanza hakikisha mtaani kwako kuna anayekinunua. Kipande kizuri kisichokuwa na mnunuzi wa karibu kitakutesa siku ya shida. Mdogo wangu alichagua bangili kwa sababu masonara wanaozinunua anawafahamu na wako njiani kwake. Alijua anailipia sababu hiyo, na aliilipia macho yakiwa wazi. (Dhahabu ghafi ya mchangani niiache pembeni. Hiyo ina leseni zake na masoko yake ya madini, na anayekuletea mlangoni usiku mwambie umelala.)

Kisha likaja jambo ambalo mimi mwaka 2011 halikunipitia akilini kabisa. Mpango wa kuuza ndio unaokwambia ununue nini. Bangili yangu ilikuwa moja, nene, gramu 30. Nusu yake haiuziki. Kwa hiyo kila nilipofikiria kuuza, uamuzi ulikuwa mkubwa mno: yote au hakuna. Na uamuzi wa namna hiyo ndio unaomfanya mtu aahirishe, aahirishe, kisha siku moja aamue kwa hasira. Mdogo wangu alinunua bangili nne nyembamba, kila moja gramu 5. Alilipa ufundi zaidi kidogo kuliko angelipia moja nene, lakini alipata milango minne ya kutokea.

Kadi yake ilikuwa kipande cha boksi la vitambaa, kimeandikwa kwa kalamu ya chaki ya fundi, baadaye akakirudia kwa wino. Juu kabisa aliandika: fremu na ovaloki. Chini yake, gharama ya gramu, 168,000. Halafu milango mitatu. Bangili mbili zitauzwa sonara akifikia kutoa 202,000, ambayo ni faida ya asilimia 20. Ya tatu itauzwa akifikia 235,000, asilimia 40. Ya nne haina bei ya juu. Itaachwa ifuate soko, na kila mwisho wa mwezi ataandika bei ya sonara. Siku ikishuka asilimia 20 kutoka bei ya juu kabisa aliyowahi kuiandika, inauzwa, bila kusubiri irudi.

Na chini ya hayo tukaandika mlango ambao hakuna anayependa kuuandika. Je, ikishuka tangu mwanzo? Watu wengi waliosoma habari za masoko ya hisa hujiwekea kikomo cha asilimia 5 au 10. Kwa bangili hicho ni kichekesho, kwa sababu unapotoka tu mlangoni tayari uko chini kwa karibu 14. Kikomo lazima kipimwe kuanzia bei ya kurudishia, na kiwe kipana. Tuliandika 116,000 kwa gramu, yaani asilimia 20 chini ya zile 145,000. Ikifika hapo, bangili mbili zinauzwa na mbili zinabaki.

Nikamwuliza, "Ikifika hapo, kwa bangili zote nne utakuwa umepungukiwa milioni moja na elfu arobaini. Utalala?"

Alinyamaza kidogo, akasema, "Nitalala vibaya, lakini nitalala."

Kama angejibu hapana, tungenunua bangili mbili badala ya nne. Uliza swali hilo kwa shilingi, usiliulize kwa asilimia. Asilimia 30 haimtishi mtu. Milioni moja inamtisha, na ni bora ikutishe leo mezani kuliko ikutishe siku imeshatokea.

Tarehe nayo iliandikwa. Mwisho wa Desemba 2026, chochote kilichobaki kinauzwa, iwe bei ni nzuri au mbaya, kwa sababu fremu haisubiri soko la London. Bila tarehe, dhahabu ya mpango hugeuka taratibu kuwa dhahabu ya kabati. Lakini tarehe peke yake, bila bei, nayo ina hatari yake. Serikali ya Uingereza ilitangaza Mei 1999 kwamba itauza sehemu kubwa ya dhahabu yake kwa minada ya ratiba, na hadi 2002 ilikuwa imeuza kama tani 395 kwa wastani wa takriban dola 275 kwa wakia, karibu kabisa na sakafu ya bei ya miongo miwili. Ratiba ilifuatwa barabara, ila hapakuwa na bei ya kuwaambia wangoje. Wewe andika vyote viwili, na useme kipi kinatangulia.

Sasa tuone kadi ilivyofanya kazi, maana kuandika ni rahisi.

Mwisho wa Oktoba 2024 wakia ilikuwa imepita dola 2,740 na dola moja ilikuwa ikienda kwa kama shilingi 2,700. Sonara alikuwa anatoa 207,000 kwa gramu hivi. Mlango wa kwanza ulikuwa umefunguka. Na hapohapo, kama saa, moyo ukaanza kazi yake. Mdogo wangu alinipigia: "Dada, kila mtu anasema itafika elfu tatu. Nikiuza sasa nitakuwa mjinga."

Sikubishana naye kuhusu elfu tatu. Nilimwambia aichukue kadi, anisomee kwa sauti mstari wa kwanza. Akasoma: fremu na ovaloki. Nikamwuliza bei ya ovaloki imebadilika? Haijabadilika. Fremu ipo? Ipo, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Basi nenda. Akaenda, akauza mbili, akapata milioni mbili na elfu sabini.

Kilichofuata ndicho ningependa kila mnunuzi wa dhahabu wa Tanzania akikumbuke. Hadi Desemba ile wakia ilikuwa imeshuka kidogo tu, kutoka zile 2,740 hadi karibu 2,620, chini ya asilimia 5. Lakini shilingi yetu ilikuwa imepata nguvu ghafla, dola moja ikawa kama shilingi 2,400. Kwa sonara, gramu iliyokuwa 207,000 ikawa 176,000. Asilimia 15 zilifutika, na sehemu kubwa ya hizo haikutokana na dhahabu hata kidogo. Ambaye lengo lake lilikuwa "dola elfu tatu" alibaki akitazama simu akishangaa: mbona huko nje imeshuka kidogo, huku kwangu imeporomoka? Anayepokea shilingi anauza vitu viwili kwa pamoja, dhahabu na dola. Kwa kadi ya mdogo wangu, lango la 202,000 lilihitaji wakia ya dola 2,670 dola ikiwa shilingi 2,700, lakini lilihitaji zaidi ya 3,000 dola ikiwa 2,400. Ndiyo maana lengo linaandikwa kwa shilingi.

Shilingi inayodhoofika nayo hukuficha ukweli kwa upande mwingine. Hasara yangu ya 2011 hadi 2015 kwa dola ilikuwa mbaya kuliko ilivyoonekana. Dhahabu ilikuwa imepoteza zaidi ya asilimia 40, lakini dola ilikuwa imepanda kutoka kama shilingi 1,650 hadi 2,150, ikanifunika kidogo kwa blanketi.

Aprili 2025 wakia ilipita 3,300, mlango wa pili ukafunguka, bangili ya tatu ikauzwa kwa zaidi ya 235,000. Safari hii hakunipigia kabla. Alinipigia baada ya kuuza, tena katikati ya maongezi ya mambo mengine.

Nikiri ukweli kwa upande wa pili, usije ukadhani nakuuzia uchawi. Kadi ile ilimfanya auze mapema. Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza, na zile bangili mbili za kwanza, kama angezishika hadi hapo, zingempa karibu laki saba zaidi. Jirani yake mmoja hakuchoka kumkumbusha. Lakini jirani huyo anahesabu bangili iliyouzwa, hahesabu ovaloki iliyoshona mwaka mzima ndani ya fremu yenye mlango na kufuli. Tena jirani mwenyewe ana dhahabu aliyoishika hadi leo na hajui ataiuza lini. Mpango haukuahidi kumpatia kilele. Kilele hakina kengele. Waliokuwa na dhahabu Januari 1980 ilipofika dola 850 waliona bei ikipanda kila juma na wakaona haya kuuza, na bei hiyo haikuonekana tena hadi Januari 2008. Mtu aliyekuwa na miaka 30 alifikisha 58 akisubiri, na dola 850 za 2008 hazikununua hata nusu ya zile za 1980.

Watafiti wawili, Hersh Shefrin na Meir Statman, waliandika mwaka 1985 kuhusu tabia ya wawekezaji kuwahi kuuza kinachopanda na kuking'ang'ania kinachoshuka. Nilipoijua habari hiyo nilijiona kama nimepigwa picha. Kinachopanda tunaogopa kisitutoroke, kinachoshuka tunaona haya kukubali kwamba tulikosea. Kwa hiyo kadi inafanya kazi mbili zinazopingana. Bangili ya nne, isiyokuwa na bei ya juu, inakuzuia usikimbie mapema na kila kitu. Kikomo cha chini kinakuzuia usizame nacho. Ukiandika kimojawapo tu, nusu ya moyo wako inabaki bila mlinzi.

Na moyo utajaribu kuifuta kadi. Utajaribu siku ileile mlango unapofunguka. Kwa hiyo wekeni sheria ya kubadilisha kadi kabla hamjaihitaji. Yetu ni hii: kadi hubadilishwa Jumamosi ya kwanza baada ya miezi mitatu kupita, tukiwa wawili, na lazima itajwe sababu iliyo nje ya bei. Ada ya shule imeongezeka, ni sababu. Sonara amefunga duka na wa karibu anakata asilimia 8 badala ya 5, ni sababu, tena kubwa, maana milango yote inahama. "Watu wanasema" si sababu. "Imepanda haraka kuliko tulivyodhani" si sababu pia, na hii ndiyo inayokuja imevaa suti.

Kuna dhahabu ambayo haiingii kwenye kadi hata moja. Mkufu wa bibi, pete ya ndoa, vipuli alivyopewa binti siku ya arobaini. Hiyo itoe kwenye hesabu kabisa, iweke kwenye kijaluba chake. Nimeona watu wakichanganya, wanahesabu kilo nzima ya heshima ya ukoo kama akiba, halafu siku ya kuuza wanagundua kwamba kati ya vyote walivyonavyo kinachouzika bila ugomvi wa familia ni pete mbili. Usijiwekee mpango juu ya kitu ambacho mama yako atalia ukikiuza.

Karatasi nyingine ya kutunza ni risiti. Iwe imeandikwa uzito wa dhahabu peke yake, bila mawe, na karati. Siku ya kuuza, sonara atasugua kitu chako kwenye jiwe lake jeusi, atadondoshea tindikali, atatazama mstari unavyobaki. Kama risiti inasema 22 na jiwe linasema 18, kadi yako nzima ilikuwa ya kitu kingine, kwa sababu karati 18 ina sehemu 750 tu katika 1,000. Afadhali ulijue hilo siku ya kununua. Nenda na kitu chako duka la pili siku hiyohiyo, mwambie unataka kuuza. Usiuze. Sikiliza tu atakachosema kuhusu karati na bei, kisha mshukuru uondoke. Ni aibu ya dakika tatu, na nimeshaizoea.

Basi, wewe unayetaka kununua mwisho wa mwezi huu, chukua kipande cha boksi leo. Andika fedha hizo ni za nini. Nenda kaulize swali la kesho asubuhi katika maduka matatu, uandike majibu. Piga hesabu dhahabu inapaswa kupanda kiasi gani kabla hujapata faida, na ukiona namba imekutisha, ongea bei ya ufundi, au badilisha unachonunua, au ghairi. Kughairi nako ni kutoka, tena ni mlango usiokuwa na gharama. Zigawe gramu zako vipande vinavyouzika kimoja kimoja. Andika bei za juu, andika bei ya chini, andika tarehe, mpe mtu mmoja unayemheshimu nakala ya kadi. Mwambie ana ruhusa ya kukukera.

Tarehe 21 Oktoba 2025 dhahabu ilianguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja, siku moja tu baada ya kukaribia dola 4,400. Simu yangu ililia tangu jioni. Mmoja aliuliza auze usiku huohuo, kana kwamba sonara analala dukani. Mwingine aliyekuwa amenunua wiki ile aliandika alama za kulia tupu. Nikakumbuka bangili ya nne, nikampigia mdogo wangu. Mashine ilisikika nyuma yake, ananyosha pindo la gauni la mtu wa harusi.

"Umesikia dhahabu?"

"Nimesikia. Kwa sonara ni ngapi?"

Nikapiga hesabu. "Kama laki mbili na themanini."

Mashine ikasimama. Nikasikia anavuta droo, anapekua.

"Bei ya juu niliyoandika ni ya mwisho wa Septemba, mbili sitini na tano. Asilimia ishirini chini yake ni mbili kumi na mbili." Akanyamaza kidogo. "Bado, dada. Nitakupigia baadaye, huyu bibi harusi anakuja saa mbili."

Mashine ikaanza tena kabla hajakata simu.